Kurudi nyuma kuwe kwa wote, kwenda mbele kuwe kwa wawili



Leo tunaongea jambo ambalo wengi watasema ni la watu wa kompyuta. Sisi tunasema hapana. Ni jambo la nani ana ruhusa ya kubadilisha maneno ambayo mama zetu wanayaamini wakishika njia asubuhi. Tulijifunza kwa aibu, na aibu yenyewe tunaianika hapa, juu tunajua kuna vikundi vingine vya vijana vinataka kuanzisha boti kama yetu.

Wengi mnaijua ile boti ya WhatsApp. Unaiandikia swali kwa Kiswahili, kwa Kibemba au kwa Kifaransa kidogo, inakujibu. Siku za kugawa chakula, saa za zahanati, karatasi gani ubebe ukienda kuandikisha mtoto, mambo ya uvuvi. Ndani yake kuna modeli ya lugha, lakini modeli haijui lolote la Mantapala. Kinachoifanya iwe yetu ni ukurasa mmoja wa maandishi ambao inausoma kila mara kabla ya kujibu. Wenye kazi hii wanayaita prompti, sisi tunayaita maagizo. Humo ndimo tunamoiambia wewe ni nani, unaongea namna gani, unajua nini, na usipojua ufanye nini.

Tulikuwa vijana saba, na paswedi ilikuwa moja. Sote saba tulikuwa nayo. Ukifungua ukurasa ule unaona kisanduku cha maandishi na kitufe cha kuhifadhi. Ukibonyeza, dakika ileile boti imebadilika kwa kila mtu. Hakuna wa kukuuliza kwa nini, wala hakuna nakala ya jana iliyobaki. Tulijisifu kwamba sisi hatuna mkubwa wala mdogo, kila mtu anaaminika. Tuliona ni usawa.

Sasa sikieni kilichotokea.

Mwezi wa pili, zikiwa zimebaki siku nne uvuvi kufunguliwa, mama mmoja wa bloku ya jirani aliiuliza boti: ziwa lilifungwa tangu mwezi wa kumi na mbili, sasa limefunguliwa? Boti ikamjibu kwa sentensi moja: ndiyo, ziwa limefunguliwa. Mama akachukua pesa yake ya likelemba, kwacha 600, akapanda gari hadi Kashikishi na mabeseni mawili. Alikuta soko kavu. Zambia hufunga uvuvi tarehe 1 Disemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na katika siku zile mtu akikukuta na samaki mbichi wa ziwani, utaeleza. Alirudi na mabeseni matupu, nauli imeliwa, na watu wa likelemba wanamngoja. Alipita moja kwa moja kwetu.

"Yaya, boti yenu ilisema ziwa liko wazi. Mie nilitoka saa kumi na moya ya asubui. Sasa hii feza nitarudisha na nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulichanga, tukamrudishia nauli. Lakini kibaya zaidi kilikuwa siku mbili zilizofuata, maana hatukujua boti imeharibika wapi. Kila mmoja alisema si mimi, na kisanduku hakikumbuki aliyeandika. Tukaanza kutazamana vibaya. Mwishowe mwenzetu mmoja akasema mwenyewe: "Ni mimi, lakini mambo ya uvuvi sikuyagusa."

Na kweli, hakuyagusa. Maagizo ya zamani yalikuwa na mistari miwili hii:

```
Ukiulizwa tarehe, tumia orodha ya taarifa tu.
Kama jibu halimo, sema hujui, mpeleke mtu ofisini.
```

Watu walikuwa wanalalamika kwamba boti ina maneno mengi na kila kitu inasema nenda ofisini. Mwenzetu, usiku, akiwa na bando la mwisho, akaifuta mistari ile akaandika hii:

```
Jibu kwa sentensi moja, kwa uhakika.
Usiwapeleke watu ofisini ovyo.
```

Orodha yetu ya taarifa ilisema uvuvi umefungwa tangu tarehe 1 Disemba. Siku ya kufungua haikuwemo. Wakati wa maagizo ya zamani boti ilikuwa inajibu: umefungwa tangu tarehe 1 Disemba, siku ya kufungua sina, uliza ofisi ya uvuvi. Chini ya maagizo mapya imekatazwa kusita na imekatazwa kumtuma mtu kwingine. Kilichobaki ni kukisia, na kukisia kwa sauti ya mtu anayejua. Ndugu yetu alidhani anabadilisha namna ya kuongea. Kumbe amebadilisha ukweli.

Hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka mlishike. Kwenye maagizo ya boti hakuna badiliko la mtindo tu. Ukisema "kuwa mfupi", umeiambia pia nini cha kuacha, na mara nyingi kinachoachwa ni lile neno "sijui". Ukisema "kuwa mchangamfu", inaweza kumchangamkia mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Huwezi kusoma badiliko kwa macho ukasema hili ni dogo, lipite.

Msidhani ni ujinga wa vijana wa kambini. Kampuni ya xAI ya Marekani, yenye pesa ambazo hatuwezi kuzihesabu, iliangukia palepale mara tatu katika mwaka mmoja, 2025. Boti yao inaitwa Grok, inajibu watu kwenye mtandao wa X.

Mwezi wa pili mwaka ule watu waligundua kwamba Grok imeagizwa ipuuze vyanzo vinavyosema Elon Musk na Donald Trump wanaeneza habari za uongo. Mkuu mmoja wa kampuni akaeleza kwamba ni mfanyakazi aliyeweka mstari ule bila kuuliza, na wakauondoa. Tarehe 14 Mei, alfajiri kwa saa za kule kwao, mtu akabadilisha tena maagizo bila ruhusa. Grok ikaanza kuingiza habari za "mauaji ya halaiki ya wazungu" Afrika Kusini hata kwa mtu aliyeuliza habari za mpira. Kampuni ilikiri kwamba utaratibu wa kukagua mabadiliko ulikuwepo, ila aliyebadilisha aliuruka. Ikaahidi mambo matatu: kuweka maagizo hadharani kwenye GitHub kila mtu ayaone, kuzuia mfanyakazi asibadilishe bila kukaguliwa, na kuweka watu wa kuangalia majibu usiku na mchana.

Halafu mwezi wa saba Grok ikaanza kumsifu Hitler. Safari hii maelezo ya kampuni yalisema maagizo ya zamani yaliyopaswa kuwa yameachwa yalirudi kufanya kazi kwa saa 16. Baadhi yake yalikuwa ya mtindo: yaliiambia boti iseme mambo bila kuficha, isiogope kuwaudhi watu. Mstari wa mtindo, kama wetu. Wa kwao ulitoa matusi kwa dunia nzima, wa kwetu ulimla mama mmoja nauli, lakini mzizi ni mmoja.

Tunachojifunza kwa xAI ni vitu viwili. Kwanza, utaratibu unaoweza kurukwa na mtu mmoja siyo utaratibu, ni ombi. Pili, hata ukifunga mlango wa mbele, kosa linaweza kuingia kwa dirisha, kwa hiyo kuzuia peke yake hakutoshi. Lazima ujue haraka kwamba limeingia, na uweze kurudi nyuma haraka.

Basi tulikaa chini tukapanga upya, na hapa ndipo tulipobishana sana. Wengine walisema ufunguo abaki nao mmoja tu, yule anayejua kompyuta kuliko sote. Sisi wengi tulikataa, na bado tunakataa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza mnaijua wote. Huku kwetu mtu anaondoka. Leo yuko, kesho jina lake limetoka, anapanda ndege na familia yake. Au simu inakufa, au chaji hakuna siku mbili kwa sababu ya mvua na sola. Kikundi ambacho ufunguo wake uko kwenye simu moja hakina boti, kimeazimwa. Kwa hiyo funguo kuu zetu wanazo wawili, kila mmoja na akaunti yake mwenyewe, hakuna paswedi ya pamoja tena. Na mtu akiondoka, jina lake linatolewa siku ileile, hata kama tunampenda na tumemlilia. Hilo si kumnyima heshima. Simu ikiibwa kule alikoenda, sisi ndio tutaumia huku.

Ya pili ni kwamba anayejua kompyuta hajui samaki. Yule fundi wetu angeyasoma maagizo mapya mara kumi asione kosa. Mama muuza samaki angeuliza swali moja tu na angeliona. Kwa hiyo tuliigawa kazi. Kuandika pendekezo la badiliko, yeyote wa kikundi anaweza. Kuidhinisha, lazima awe mtu mwingine, siyo aliyeandika, na awe anaijua ile habari. Mambo ya afya yanapita kwa dada mmoja anayejitolea zahanati. Mambo ya uvuvi na soko yanapita kwa mama mmoja wa Kashikishi, Mbemba, mwenyeji wa pale. Yeye hana hata kompyuta, tunamsomea kwa simu. Fundi kazi yake ni kupeleka kilichokwisha kuidhinishwa. Hana mamlaka ya kuamua kilicho kweli.

Maagizo yenyewe tuliyahamisha kutoka kwenye kile kisanduku, tukayaweka GitHub kama mafaili ya maandishi. Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia, maana tulikosea tukajua. Ukitumia akaunti ya bure, ulinzi wa tawi kuu unaupata kama hazina yako iko wazi kwa watu wote. Tuliiweka wazi, na ni vizuri, mtu yeyote asome tumeiambia nini boti. Lakini ina maana namba za simu za watu na funguo za siri zisikae humo hata siku moja. La pili, ukiwasha sharti la idhini, msimamizi bado anaweza kulipita mpaka uwashe pia ile alama inayoitwa `Do not allow bypassing the above settings`. Bila hiyo umefunga mlango wa wageni na kuacha wa mwenye nyumba wazi, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayekosea saa sita usiku. La tatu, washa pia ile inayofuta idhini ya zamani kama mtu ameongeza kitu baadaye. La sivyo mtu anaomba idhini ya mistari mitatu, anaipata, kisha anaongeza wa nne.

Kabla ya idhini kuna majaribio. Tuna maswali 20, yameandikwa jinsi watu wanavyouliza kweli, na Kiswahili cha Kalemie na Kibemba kimechanganywa humo. Kila swali tunaliuliza mara tatu, kwa sababu boti hairudii jibu lilelile. Inaweza kupata mara mbili ikakosa ya tatu, na ya tatu ndiyo itakayompata mama wa mtu. Kati ya maswali hayo, sita ni yale ambayo jibu lake sahihi ni "sijui, uliza fulani". Hayo sita lazima yapite yote, mara zote tatu. Mengine likikosea moja tunajadiliana. Katika haya sita hakuna mjadala.

Sasa tuje kwenye kurudi nyuma, maana hapo ndipo tuna msimamo ambao wengine hawaupendi.

Kila toleo lililoidhinishwa linapata namba na halifutwi wala halibadilishwi tena. Pembeni kuna mstari mmoja tu unaosema lipi liko hewani:

```
014.txt
015.txt
016.txt
hewani: 016
```

Kurudi nyuma siyo kuandika upya. Ni kubadilisha ule mstari wa mwisho usome `015`. Tumeiwekea boti neno moja: mmoja wetu saba, au wale wawili wanaoidhinisha, akiiandikia `RUDISHA` kutoka namba yake, inashuka toleo moja papo hapo, na ujumbe unaenda kwa wote kwamba fulani amerudisha saa fulani. Haombi ruhusa. Hangoji fundi aamke.

Walituuliza: mbona mnaweka masharti makali kwenda mbele, halafu kurudi mnaacha mtu yeyote? Si atakuja mmoja arudishe kwa hasira tu? Jibu letu ni hili. Toleo 015 lilishaidhinishwa na lilishafanya kazi, tunajua linaongea nini. Anayelirudisha haleti neno jipya kwa watu. Akikosea, tumepoteza badiliko zuri kwa saa chache, basi. Lakini tukimlazimisha kungoja idhini wakati boti inapotosha, kila dakika kuna mtu anapanda gari. Hasara hizi mbili hazilingani, kwa hiyo milango isilingane. Kwenda mbele wawili, kurudi nyuma yeyote. Ni hivyohivyo kwa kuizima kabisa: yeyote kati yetu anaweza kuiweka ijibu tu "leo uliza kwa kiongozi wa bloku yako".

Ila msidanganyike kwamba kurudisha kunafuta kosa. Kuna mambo matatu ambayo hayarudi yenyewe.

La kwanza ni mazungumzo yaliyo wazi. Boti hupelekewa pia yale iliyokwisha kumwambia mtu, ili ikumbuke. Ukirudisha maagizo bila kufuta kumbukumbu hiyo, itasoma jibu lake la uongo la jana na kulirudia, maana inajiona ilishasema. Ndiyo maana `RUDISHA` yetu inafuta pia kumbukumbu za mazungumzo. La pili ni watu waliokwisha kuambiwa. Tunatazama daftari la majibu yaliyotoka tangu toleo baya lipande, tunawaandikia wale walioguswa: jibu la jana halikuwa sahihi, sahihi ni hili, tusameheni. Hii ni kazi ya mkono na ni ya aibu, lakini bila hiyo hujarudisha kitu.

La tatu lilitushangaza. Zamani tarehe na mtindo vilikaa faili moja. Tukaona kwamba siku tukirudi toleo la mwezi uliopita, tutarudisha na siku ya kugawa ya mwezi uliopita! Unakimbia kosa moja unaangukia lingine. Kwa hiyo tarehe na taarifa sasa zina faili lake, lisilorudi nyuma pamoja na mtindo, na kila mstari humo una siku yake ya mwisho. Siku ikipita, mstari unatolewa wenyewe na boti inabaki na "sina taarifa".

Faili hilo la taarifa ndilo pia jibu letu kwa wale wanaosema idhini inachelewesha. Ni kweli, siku ya kugawa inaweza kubadilishwa saa kumi na mbili asubuhi, na huwezi kungoja mikutano. Kwa tarehe tu, mmoja wa wale waliopewa eneo hilo anaweza kubadilisha peke yake. Lazima aandike nani amemwambia na lini, aweke siku ya mwisho, na mwingine aangalie kabla ya jua kuzama. Njia fupi ipo, lakini inapitisha tarehe peke yake. Neno la kuiambia boti ijibu namna gani halipiti njia fupi, hata kukiwa na moto.

Tuwape mfano mmoja wa jinsi inavyokwenda sasa. Yule mwenzetu aliyeifanya boti iseme uongo hakukata tamaa. Bado alitaka majibu mafupi, na alikuwa na haki, majibu yalikuwa marefu kweli na bando ni pesa. Aliandika pendekezo lenye mstari mmoja: "Jibu kwa sentensi moja au mbili." Kwenye majaribio, maswali matano kati ya yale sita yalipita. La sita, la mtu anayeuliza kama anaweza kuvuka na samaki kavu kwenda Pweto, lilikosa mara moja kati ya tatu: boti ilisema ndiyo tu. Mama wa Kashikishi tulipomsomea alicheka, akasema hata yeye aliyezaliwa pale hawezi kusema ndiyo tu, inategemea siku na nani yuko kwenye njia. Mwenzetu akaongeza: "Ufupi usiondoe neno sijui. Kama taarifa haimo, sentensi ya pili iseme nani wa kuulizwa." Majaribio yakaanza upya, yakapita yote. Mama akaidhinisha. Toleo 017 lilipanda saa tatu asubuhi siku ya Jumanne, siyo usiku na siyo Ijumaa, na wawili wakakaa saa mbili wakisoma kila jibu lililotoka.

Na katika kusoma huko tunahesabu kitu kimoja: mara ngapi boti imesema "sijui". Ile wiki ya mama wa mabeseni, hesabu hiyo ilikuwa imeanguka karibu na sifuri, na sisi tulikuwa tunafurahi ati boti imekuwa na akili. Leo ikianguka ghafla baada ya toleo jipya, tunarudisha kwanza, kisha ndipo tunauliza kwa nini. Hesabu hii haionyeshi kila kosa, maana boti inaweza kusema "sijui" mahali inapojua. Lakini ndiyo taa ya kwanza kuwaka.

Kuna wanaotuambia tumejiwekea urasimu, kama ofisi zile tunazozilalamikia. Tumelifikiria hilo. Kwenye ofisi zile, mtu wa chini hawezi kusimamisha kitu, anaweza tu kungoja. Kwetu yeyote wa kikundi anaweza kusimamisha, na maagizo yako wazi asome anayetaka. Tulichokiondoa ni uwezo wa mmoja kuwasemea watu wote usiku bila mwingine kusikia. Ule hatukuuita mamlaka, tuliuita usawa, lakini ulikuwa mamlaka makubwa kuliko ya kiongozi yeyote wa bloku.

Mama wa mabeseni bado anaiuliza boti. Juzi aliiuliza kitu, ikamjibu haina taarifa, amuulize mtu wa ofisi ya uvuvi. Akatutumia sauti:

"Sawa sasa. Kama haiyue, iseme haiyue. Mie nitatafuta mwenyewe."